Dondoo muhimu: Anzia kona ya juu kulia

Jedwali la kuzidisha la 1 hadi 10 lina namba 100, zikipanda kila mstari kuelekea kulia na kila safu wima kuelekea chini. Anayetafuta 42 aanzie kona ya juu kulia, penye 10.

Kumi ni ndogo, na ndiyo kubwa kuliko zote mstarini, hivyo mstari mzima unafutwa na msakaji anashuka. Ndivyo ilivyo kwa 20, 30 na 40. Akifika 50, imezidi. Namba zote zilizo chini yake ni kubwa zaidi, basi safu hiyo inafutwa na anasogea kushoto: 45, kisha 40. Anashuka hadi 48, anasogea kushoto, na 42 hiyo hapo. Amegusa namba 9 tu. Kwa jedwali hili hazizidi 19. Akitoka nje ya jedwali, namba haimo.

Kona ya chini kushoto nayo inafaa. Ya juu kushoto ni mtego: kulia na chini kote namba zinapanda, hakuna cha kufuta.

Hakikisha kwanza mpangilio. Mstari mmoja uliovurugika unaweza kuleta jibu la “haimo” kwa namba iliyomo.