Leaf ya mtumba na joto la Mombasa

Swali: Fundi ananionya nisinunue Nissan Leaf ya mtumba, eti betri yake haina kipozeo. Ni kweli itachoka upesi?

Jibu: Fundi wako hajakosea. Betri ya Leaf kama hiyo imefungwa ndani ya sanduku lisilo na hata feni. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 33, haiwezi kuishusha chini ya hapo, na ukichaji kwa kasi joto hujifungia humo kwa saa kadhaa. Ndani ya seli, joto hilo huufanya utando unaofunika anodi unenepe na kumeza lithiamu ibebayo chaji, hairudi tena. Gari lenye kipozeo huzungusha maji yaliyopozwa na kompresa, hata yakawa baridi kuliko hewa ya nje. Kabla ya kulipa, hesabu vijiti vidogo pembeni mwa geji ya chaji: betri mpya ina 12.