Kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi: hesabu kwanza, bomba baadaye

Leo nazungumzia mdudu mmoja tu, kiwavijeshi vamizi, kwa sababu ndiye anayewatia hasara wengi wanaolima mahindi ya biashara kuanzia Shinyanga na Kahama mpaka Bukombe na Geita. Nitaeleza namna ya kujua siku ya kupiga dawa na siku ya kuacha. Wengi hawakosei katika kuchagua dawa. Wanakosea siku.

Nianze na kijana mmoja wa upande wa Kahama. Alitoka mgodini na fedha yake kidogo, akakodi ekari 1, akanunua mbegu nzuri na mbolea. Msimu ule alipiga dawa mara tatu na bado mahindi yakaliwa. Akaniambia, "Bwana shamba, hizi dawa ni feki." Nikamuuliza mara ya kwanza alipiga lini. Akasema, "Nilipoona majani yamechanika na kinyesi kimejaa juu." Hapo nikajua tatizo lake.

Mjue kwanza mdudu mwenyewe

Huyu kiwavi asili yake ni Amerika. Afrika alitangazwa kuonekana mwaka 2016, na hapa Tanzania mwaka 2017, akianzia Rukwa. Nondo wake huruka usiku na kutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi fungu moja lina mayai 100 mpaka 200, yamefunikwa na kitu kama manyoya au ukungu. Baada ya siku 2 hadi 4 mayai yanaanguliwa.

Viwavi wadogo hukwangua jani upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba, hivyo unaona vidoa vyeupe kama vidirisha. Sisi tunaviita hivyo hivyo, vidirisha. Baada ya hapo wanaingia kwenye moyo wa mmea, pale juu majani mapya yanapochomoza. Wakikua wanatoboa matundu makubwa na kuacha kinyesi kama pumba za mbao. Wanakaa hivyo wiki 2 hadi 3, kisha wanashuka ardhini kugeuka buu, na mwisho nondo mpya anatoka.

Kumtambua, angalia kiwavi aliyekua. Usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana nukta nne nyeusi zilizokaa kama pembe za mraba. Ukiona zote mbili, ndiye. Funza wa mabua hana alama hizo, na yeye hutoboa bua na kukaa ndani yake.

Sasa shika jambo hili. Kiwavi hula sehemu kubwa kabisa ya chakula chake katika siku za mwisho, akiwa mkubwa. Wakati huo amejificha chini kwenye moyo wa mmea, na kinyesi chake kimeziba juu kama kizibo. Dawa haimfikii vizuri, na hata ikimfikia, mwili mkubwa unastahimili zaidi. Yule kijana alikuwa anasubiri uharibifu uonekane kutoka barabarani. Ukiuona kutoka barabarani, ule muda mzuri wa kupiga umeshapita. Dawa inafanya kazi kwa kiwavi mdogo, asiyefika sentimita 1 au akizidi kidogo.

Namna ya kuhesabu

Msimu uliofuata tulikubaliana asiguse bomba kabla ya kuhesabu. Anza siku ya 10 tangu mahindi yachomoze. Ingia shambani asubuhi, acha mistari michache ya pembeni, kisha tembea kwa mwendo wa herufi W ili ufike pande zote. Simama mahali 5. Kila mahali kagua mimea 10 iliyofuatana kwenye mstari, bila kuchagua. Jumla ni mimea 50. Kwa ekari 1 kazi hii ni ya nusu saa hivi.

Kwenye kila mmea fungua moyo kwa vidole. Mmea unahesabiwa ikiwa una vidirisha vipya au kiwavi hai. Matundu kwenye majani ya chini yaliyokwisha kufunguka ni kovu la zamani, usiyahesabu. Wengi wanapiga dawa kutibu makovu wakati kiwavi ameshaondoka.

Chukua idadi uliyopata, zidisha kwa 2, hiyo ndiyo asilimia yako. Kisha amua hivi:

- Mahindi machanga, mpaka majani 6 hivi: piga dawa ukifika mimea 10 kati ya 50, yaani asilimia 20.
- Mahindi makubwa kabla ya kutoa mbelewele: piga ukifika mimea 20 kati ya 50, yaani asilimia 40.
- Yakishatoa mbelewele na ndevu: usipige. Kiwavi yuko ndani ya gunzi, dawa haimfikii, na wewe unakaribia kuvuna.

Kwa nini mahindi makubwa yanavumiliwa zaidi? Kwa sababu mmea wenye majani mengi na mbolea ya kutosha unaweza kupoteza sehemu ya majani na bado ukabeba gunzi zuri. Jani lililotoboka linatisha kulitazama, lakini halina maana kwamba gunia limepotea.

Yule kijana alihesabu hivi. Siku ya 10 alipata mimea 2, asilimia 4. Hakupiga, aliponda kwa vidole mafungu ya mayai aliyoyaona. Siku ya 14 alipata mimea 5, asilimia 10. Hakupiga. Siku ya 17 alipata mimea 12, asilimia 24, na karibu yote ilikuwa vidirisha vya viwavi wadogo. Jioni ile ile alipiga. Tofauti ya siku ya 14 na ya 17 inaonyesha kwa nini katika wiki 4 za mwanzo unahesabu mara mbili kwa wiki.

Siku ya kupiga dawa

Nunua dawa iliyosajiliwa, yenye kibandiko kinachotaja mahindi na kiwavijeshi vamizi, na udai risiti. Usitumie dawa ya pamba iliyobaki nyumbani. Nyingi ni za jamii ya pareto bandia, ambazo kiwavi huyu mara nyingi anazistahimili, na zinaua nyigu na sisimizi wanaokusaidia kumla. Viambata vinavyotumika sana kwake ni emamektini benzoati, klorantraniliproli na spinetoramu. Kwenye kibandiko majina haya yameandikwa Kiingereza, lakini yanafanana, utayatambua.

Kabla ya kuchanganya, pima bomba lako. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Weka maji matupu, piga kama utakavyopiga dawa, kisha angalia maji yaliyotumika. Ekari 1 ina maeneo kama hayo 40 hivi. Kijana wetu alitumia lita 2, kwa hiyo ekari inataka lita 80, yaani mabomba 4 ya lita 20. Msimu wa nyuma alikuwa anamaliza ekari kwa mabomba 2, anatembea mbio huku nozeli inatazama angani. Kila mmea ulikuwa unapata kama nusu ya dawa. Kiasi kinachoandikwa kwa ekari kigawe kwa idadi ya mabomba yako. Tuseme kibandiko kinasema mililita 80 kwa ekari, basi kila bomba ni mililita 20. Usikisie kwa kifuniko.

Piga asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limepoa na upepo umetulia. Elekeza nozeli ndani ya moyo wa kila mmea. Ukiona wingu la mvua kubwa limekaribia, subiri. Vaa glavu, barakoa, mikono mirefu na viatu vya mvua. Kwenye kibandiko soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna, hasa wewe unayeuza mahindi mabichi ya kuchoma kwenye machimbo. Mteja wako atayala siku hiyo hiyo.

Dawa nyingi za aina hii humfanya kiwavi aache kula kwanza, halafu anakufa baada ya siku 2 mpaka 4. Ukimkuta anajitikisa kesho yake, usikimbilie kurudia. Siku ya 21 kijana alihesabu tena, akapata viwavi hai kwenye mimea 2 tu. Akawaponda kwa mkono.

Siku ya 38 mahindi yalikuwa yamepita kimo cha goti, na akapata mimea 14, asilimia 28. Aliponipigia alikuwa na wasiwasi, tayari ameshaazima bomba. Nikamwambia asome kipimo: mahindi makubwa ni asilimia 40. Akaacha. Wiki iliyofuata, baada ya mvua nzito, alipata mimea 9. Mvua nzito huwaua viwavi wengi wadogo, na wadudu rafiki nao walikuwa kazini. Msimu huo alipiga mara moja badala ya tatu. Kama angehitaji kupiga tena baada ya mwezi, angebadilisha kiambata, maana kile kile kikirudiwa kwa kila kizazi huzaa viwavi sugu.

Tahadhari mbili za huku kwetu

Ya kwanza ni ya mchanga. Ni kweli kwamba kutia udongo mkavu laini kidogo kwenye moyo wa mmea kunasaidia kuua baadhi ya viwavi, na kwa shamba dogo inafaa. Lakini chukua udongo wa shambani kwako. Usichukue marudio ya karasha hata kama ni laini na yamerundikana karibu. Marudio hubeba zebaki, na yaliyochenjuliwa yanaweza kuwa na sayanaidi. Hali kadhalika usichote maji ya kuchanganyia dawa kwenye mabwawa ya kuchenjulia.

Ya pili ni ya kupanda. Mahindi yanayochelewa hukuta nondo wameshazaliana kwenye mashamba ya jirani, na yote yanahamia kwako. Panda mvua za kwanza zikishika, na ikiwezekana mpande pamoja na majirani ndani ya wiki mbili.

Kama mahindi yako yana siku 10 tangu yachomoze, kesho asubuhi ingia na daftari. Andika tarehe, mimea uliyokagua, na mimea yenye vidirisha vipya. Ukija kuniuliza upige dawa gani, nitaanza kwa kuuliza namba hizo.