Ombi la basari likirudishwa: jinsi ya kuusoma ujumbe na kulituma upya

Mzazi anapeleka fomu ya basari katika ofisi ya wadi, anarudi nyumbani, na baada ya siku chache simu inalia. Ujumbe unasema: "Ombi lako halijakamilika. Tuma upya." Wengi wakisoma maneno hayo huona wamenyimwa, na fomu wanaiacha papo hapo. Wengine hukimbilia kununua fomu mpya kwa mtu wa kompyuta, wakajaza yaleyale kwa makosa yaleyale, wakarudishiwa mara ya pili.

Ombi lililorudishwa halijakataliwa. Likikataliwa, kamati imelisoma na kutoa uamuzi. Likirudishwa, kamati haijalifikia bado, kwa kuwa kuna karatasi iliyokosekana au iliyokuja katika sura isiyofaa. Tofauti hii ni kubwa kwa mtoto anayengoja karo, kwani ombi lililorudishwa bado liko hai hadi siku ya mwisho iliyotajwa katika tangazo.

Katika Kaunti ya Kwale maombi ya basari, ambayo wakaazi wengi wanayajua kwa jina la Elimu ni Sasa, hupitia kwenye wadi, nazo ziko 20 kutoka Vanga hadi Mackinnon Road. Orodha ya karatasi zinazotakiwa hutolewa na tangazo la mwaka husika, na hiyo ndiyo ya kufuatwa. Somo hili linahusu ule ujumbe wa kurudisha ombi: unavyopaswa kuandikwa, na mwananchi anavyoujibu bila kupoteza wiki.

Tuchukue mfano. Majina ni ya kutungwa, lakini makosa yenyewe ni ya kila msimu. Mama mmoja wa Ukunda ameomba basari ya binti yake aliye katika shule ya bweni. Ujumbe mzuri wa kumrudishia ombi lake ungesomeka hivi:

"Ombi la basari la Mwanasiti Omari Juma, lililopokelewa Jumatatu, halijakataliwa. Linahitaji marekebisho manne. 1) Umeleta orodha ya karo ya shule nzima, inatakiwa barua ya shule inayoonyesha deni la mwanafunzi huyu, yenye muhuri na nambari yake ya usajili shuleni. 2) Nakala ya kitambulisho cha mzazi ina upande wa mbele tu, na nambari iliyoandikwa ukurasa wa 1 wa fomu si ya kitambulisho. 3) Jina kwenye fomu ni Mwanasiti Omari Juma, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Mwanasiti Omar. 4) Picha ya ukurasa wa 3 imekatwa chini, saini na muhuri wa chifu havionekani. Leta ukurasa wa 1 uliojazwa upya, ukurasa wa 3 na karatasi zilizotajwa. Kurasa nyingine tunazo. Mwisho ni Ijumaa saa 10 jioni."

Ujumbe huu ni mrefu, na ndiyo sababu mara nyingi haupatikani. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo, na karani mwenye maombi mengi mezani hujikuta akiandika maneno matano. Mwananchi akipata ule mfupi, ana njia rahisi: aende ofisini, au apige nambari ya ofisi iliyo kwenye tangazo, aulize maswali matatu. Ni karatasi gani? Ina kasoro gani? Nirudishe zote au hiyo tu? Majibu ayaandike, asiyaweke kichwani. Kuuliza hivyo si usumbufu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa utaratibu wa haki, na mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa ofisi anastahili kupewa sababu kwa maandishi.

Sasa turudi kwa yule mama na marekebisho yake manne.

La kwanza huwachanganya wazazi kuliko yote, maana karatasi mbili za karo zinafanana. Orodha ya karo hutolewa kwa wanafunzi wote: muhula wa kwanza kiasi hiki, wa pili kiasi hiki. Haimtaji mtoto yeyote. Barua ya deni humtaja mtoto kwa jina, kidato, nambari ya usajili na kiasi anachodaiwa siku hiyo. "Mama, hii ni ya shule nzima; sisi twataka deni la mtoto wako," ndivyo karani angemwambia ana kwa ana, na mama angeelewa mara moja.

Nambari ya usajili nayo haitakiwi kwa kujaza nafasi tu. Basari haipewi mzazi mkononi. Hulipwa kwa shule, na malipo hayo mara nyingi huwa ya wanafunzi kadhaa kwa pamoja, yakiambatana na majina yao. Mhasibu wa shule ndiye anayegawa pesa hizo kwenye deni la kila mmoja. Pwani hii shule moja inaweza kuwa na akina Mwanasiti Omari watatu. Bila nambari, pesa hukaa kwenye akaunti ya shule bila mwenyewe, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo ambayo tayari imelipwa. Kwa hiyo barua inapotoka shuleni, mzazi aangalie vitu vitatu kabla hajaondoka langoni: jina, nambari, muhuri.

La pili ni kitambulisho. Kadi ambazo watu wazima wengi bado wanazo zina nambari mbili upande wa mbele. Iliyo kushoto juu ni nambari ya kadi yenyewe, kwa kawaida tarakimu tisa, na hubadilika mtu akipoteza kadi akatengenezewa nyingine. Iliyo kulia ndiyo nambari ya kitambulisho, kwa wengi tarakimu nane au pungufu, na haibadiliki maisha yote. Anayejaza kwa haraka hunakili ya kushoto kwa sababu jicho huanzia huko. Ukihesabu tarakimu ukapata tisa, umenakili isiyo yenyewe.

Upande wa nyuma wa kadi hizo unataja wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo, na ndiyo sababu karani huuomba: unamsaidia kujua mwombaji anatoka wapi. Hautoshi peke yake, kwa kuwa unaonyesha mahali mtu aliposajiliwa, na huenda alihama zamani. Hapa pana kosa jingine la Diani. Watu husema "Ukunda" kwa eneo lote la mjini, kumbe sehemu yake iko Wadi ya Ukunda na nyingine iko Gombato Bongwe. Fomu iliyopelekwa wadi isiyo yake hurudi hata kama kila karatasi iko sawa. Asiye na hakika amuulize mzee wa mtaa kabla ya kujaza.

La tatu, jina, ndilo linalochukua muda. Omari na Omar, Saidi na Said, Mwanahamisi na Mwanahamis: nyumbani ni mtu mmoja, kwenye karatasi ni watu wawili. Pia mtoto huandikwa cheti kwa jina lake na la baba, kisha shuleni likaongezwa la babu. Dawa hutegemea ukubwa wa tofauti. Kosa likiwa kwenye fomu tu, jaza ukurasa huo upya kwa kufuata cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kosa likiwa kwenye daftari la shule, omba shule iandike barua inayofuata cheti. Ikiwa majina yanatofautiana kwenye hati rasmi zenyewe, ofisi inaweza kuomba hati ya kiapo, yaani tamko lililoapwa mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo au mbele ya hakimu, kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hati ya kiapo hairekebishi cheti. Inaeleza tu tofauti. Cheti chenyewe hurekebishwa katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, na kazi hiyo haiwezi kumalizika kabla ya Ijumaa. Mama wa mfano wetu hahitaji kiapo. Shule ilimwandika Mwanasiti Omar kama cheti, naye ndiye aliyeongeza "i" na jina la babu kwenye fomu. Ukurasa wa kwanza ukijazwa upya, nambari ya kitambulisho na jina vinanyooka kwa pamoja.

La nne ni la picha. Pale ombi linapokubaliwa kwa barua pepe au simu, karatasi ilaliwe mezani penye mwanga wa mchana, simu ishikwe juu yake, na pembe zote nne zionekane. Muhuri wa chifu huwa chini kabisa ya ukurasa, nao ndio hukatwa. Programu ya Google Drive kwenye simu za Android ina sehemu ya kuskani inayounganisha kurasa zote kuwa faili moja ya PDF, na hilo ni bora kuliko picha sita zinazofika bila mpangilio. Kwa WhatsApp, faili itumwe kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na maandishi madogo yanafifia. Faili ipewe jina la mwanafunzi, maana karani aliyepokea `IMG_4471.jpg` hamsini hajui ni ya nani.

Kuhusu kurudisha zote au zilizotajwa tu: fuata ujumbe. Ukileta fomu mpya kamili wakati ya kwanza ingali ofisini, mtoto anakuwa na maombi mawili, na ombi la pili linaweza kuonekana kama udanganyifu. Juu ya karatasi weka barua ya mistari minne: jina la mwanafunzi, tarehe ya ujumbe uliopokea, karatasi ulizoleta, na nambari yako ya simu.

Jihadhari na ujumbe unaodai "ada ya kurudisha fomu" kwa M-Pesa, au unaoomba nambari ya siri. Kurekebisha karatasi hakuhitaji nambari ya siri ya mtu yeyote. Ujumbe kama huo upelekwe ofisini uonyeshwe kabla ya kujibiwa.

Mama akifika Alhamisi na karatasi zake, amwombe karani apige muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala ya ile barua ya mistari minne, kisha arudi nayo nyumbani. Aliyetuma kwa barua pepe asiufute ujumbe alioutuma, kwa kuwa tarehe na saa yake ndiyo stakabadhi yake orodha ya majina itakapobandikwa.