Dondoo muhimu: Wimbo wako ukipakiwa YouTube na mtu mwingine

Hifadhi ushahidi kwanza. Piga picha ya skrini, kisha nakili kiungo cha video yenyewe, si cha chaneli nzima.

Hakikisha haki ni yako. Kama mdundo ni wa prodyuza mwingine, au ulisaini na lebo, soma mkataba kabla ya kulalamika. Fomu ya kuomba video iondolewe ina kiapo, na madai ya uongo yanaweza kukufikisha mahakamani.

Jaza fomu. Ingia YouTube Studio, fungua sehemu ya hakimiliki, kisha bonyeza "New removal request". Bandika kiungo na utaje jina la wimbo. Kama kimetumika kipande tu, onyesha kinapoanza na kinapoishia, kwa mfano 1:10 hadi 2:05. Unaweza kuomba video iondolewe mara moja, au umpe aliyeipakia siku 7 aifute mwenyewe.

Fuatilia barua pepe. Aliyepakia akiwasilisha pingamizi rasmi, utakuwa na siku 10 za kazi za kuonyesha kwamba umechukua hatua za kisheria mahakamani. Ukikaa kimya, video inaweza kurudishwa.