Menyu ya Slaidi na Kitufe cha Kurudi

Tukifundisha wakulima kwa projekta, tumeona kwamba maswali hayafuati mpangilio wetu. Tuko kwenye mahindi, mama mmoja anainua mkono: kuku wake wanakufa, anataka habari za kuku sasa hivi. Tukianza kupitisha slaidi moja moja mbele ya watu, mkutano unapoa. Basi leo tutengeneze menyu katika PowerPoint.

Tuseme tuna slaidi 13. Ya 1 ni menyu yenye masanduku manne: mahindi, maharagwe, kuku na mbuzi. Kila somo lina slaidi tatu, kwa hiyo kuku wanaanzia slaidi ya 8. Bonyeza ukingo wa sanduku la kuku ili lishikwe sanduku zima, si maandishi peke yake. Ukishika maandishi, yatabadilika rangi na kupigwa mstari, na anayebonyeza kando ya neno hatafika kwa kuku. Kisha fuata Insert, Link, Place in This Document, chagua slaidi ya 8, halafu OK. Fanya vivyo hivyo kwa mengine.

Kitufe cha kurudi usikichore mara 12. Fungua View, Slide Master, chagua ule muundo unaotumiwa na slaidi za masomo, chora kisanduku pembeni, andika "Menyu" na ukiunganishe na slaidi ya 1. Kitatokea kwenye slaidi zote za muundo huo. Wengine hutumia kitufe cha Last Slide Viewed. Hapa sisi hatukitaki: ukitoka 8 kwenda 9, kitakurudisha 8, na ukikibonyeza tena kitakupeleka 9. Menyu huioni ng'o!

Sasa anzisha maonyesho kwa F5 na ujaribu. Utaona jambo moja la kuudhi: kidole kikikosa sanduku, mahindi yanafunguka. Usidhani umekosea kuunganisha. Kompyuta imekwenda tu kwenye slaidi inayofuata, ambayo ni ya 2. Kuzima On Mouse Click kwenye Transitions hakutoshi, kwa sababu vitufe vya kibodi bado vitasogeza slaidi. Dawa yake ni Slide Show, Set Up Slide Show, Browsed at a kiosk. Hapo ni viungo tu vinavyofanya kazi, na Esc ya kutokea.

Lakini hali hiyo inakunyima pia njia ya kwenda mbele ndani ya somo. Kwa hiyo chora mshale kwenye slaidi mbili za kwanza za kila somo, fungua Insert, Action, uchague Next Slide. Slaidi ya 10 isiwe na mshale, la sivyo mwenye kuku atajikuta kwa mbuzi.

Kabla ya mkutano, bonyeza mahali patupu kwenye menyu. Slaidi ikisogea, rudi kwenye Set Up Slide Show.