Kutaja Chanzo cha Picha, Muziki na Video katika Vielelezo vya Elimu ya Afya

Si ajabu kukuta bango la malaria ambalo mbu wake ana mistari myeupe miguuni. Mbu huyo ni aedesi, anayeeneza homa ya dengi na ambaye huuma zaidi mchana. Anofelesi, anayeeneza malaria, huuma zaidi usiku, na anapotua huinua sehemu ya nyuma ya mwili wake kwa mshazari. Katika mji kama Dar es Salaam, uliopata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, kosa hilo si dogo. Mgonjwa anayetazama bango hilo huweza kudhani kwamba chandarua cha usiku kinatosha kumkinga na mbu aliyemwona mchana.

Bango la namna hiyo aghalabu huwa na dosari nyingine: halionyeshi picha ilikotoka, au limeandikwa tu kwamba picha imetoka kwenye mtandao. Kutaja chanzo ni heshima kwa aliyeifanya kazi, na mara nyingi ni sharti la kisheria. Katika elimu ya afya kuna faida ya tatu, nayo ni kumwezesha msomaji kurudi mahali picha ilipotoka na kuhakikisha kwamba inaonyesha kile kinachodaiwa.

Mfano ufuatao unaeleza utaratibu wenyewe. Muuguzi wa zahanati anataka kuandaa bango la malaria, slaidi za kufundishia kliniki ya wajawazito, na video ya dakika mbili itakayosambazwa kwa simu. Anahitaji picha ya mbu, mchoro wa mzunguko wa maisha ya kimelea, na muziki.

Picha ya mbu ameipata kupitia injini ya kutafuta. Injini hiyo haihesabiwi kuwa chanzo, kwani kazi yake ni kuonyesha njia tu. Muuguzi anafungua ukurasa ambako picha imehifadhiwa, na kukuta ni Maktaba ya Picha za Afya ya Umma, PHIL, ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC. Kila picha humo ina namba yake, maelezo ya kinachoonekana, jina la mpigapicha na hali ya hakimiliki. Hapo ndipo anaposoma kwamba picha aliyoichagua kwanza ni ya aedesi. Anaiacha na kuchukua ya anofelesi, iliyopigwa na James Gathany. Picha nyingi za maktaba hiyo ni miliki ya umma, yaani hazina kizuizi cha hakimiliki, lakini baadhi zina wenyewe. Kwa hiyo hali ya kila picha husomwa peke yake. Chini ya picha, kwa herufi zinazosomeka bango likiwa ukutani, anaandika:

Picha: James Gathany, CDC, maktaba ya PHIL. Miliki ya umma.

Kisha anaongeza namba ya picha. Kwa miliki ya umma sheria haimlazimishi kuandika hayo yote, ila namba hiyo itamwezesha mtu mwingine kuipata picha ileile miaka mingi baadaye.

Mchoro wa kimelea una masharti zaidi. Umetolewa kwa mojawapo ya leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002. Kwa leseni hizi, maelezo ya chanzo hukamilika yakiwa na mambo manne: jina la kazi, mwenye kazi, mahali ilikopatikana, na leseni yenyewe. Kazi ikibadilishwa, huongezwa jambo la tano, yaani maelezo ya kilichobadilishwa. Muuguzi anataka kuyaondoa maandishi ya Kiingereza na kuweka ya Kiswahili, na hapo herufi za leseni zina uzito. Leseni ya CC BY inamruhusu, mradi ataje mambo manne na kusema kwamba maandishi yametafsiriwa. CC BY-SA inamruhusu pia, ila mchoro uliotafsiriwa lazima nao utolewe kwa leseni hiyohiyo. CC BY-ND haimruhusu kusambaza mchoro uliotafsiriwa, hata akiandika jina la mchoraji kwa herufi kubwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kutaja chanzo hakuchukui nafasi ya ruhusa. Muuguzi akikuta mchoro ni wa ND, ana njia mbili: kumwandikia mwenye kazi na kuomba ruhusa, au kuchora mchoro wake mwenyewe. Hatua za maisha ya kimelea ni ukweli wa kisayansi usiomilikiwa na mtu; kinachomilikiwa ni namna mchoraji fulani alivyozichora.

Muziki una jambo ambalo wengi hawalitarajii. Chini ya leseni za Creative Commons, kuoanisha muziki na picha zinazosogea huhesabiwa daima kuwa ni kuubadilisha. Kwa sababu hiyo muziki wa ND haufai kuwekwa kwenye video, hata usipokatwa wala kupunguzwa, na muziki wa SA huifanya video nzima ifuate leseni ya SA. Muuguzi anachagua kipande cha Kevin MacLeod, mtunzi anayetoa kazi zake nyingi kwa leseni ya CC BY 4.0, na mwishoni mwa video anaweka maneno haya:

Muziki: "Carefree", Kevin MacLeod (incompetech.com). Leseni: CC BY 4.0, creativecommons.org/licenses/by/4.0. Umefupishwa.

Maneno hayo yamo ndani ya video yenyewe kwa makusudi. Yakiandikwa tu katika maelezo ya chini ya video, hupotea mara video inapopakuliwa na kutumwa kutoka simu moja hadi nyingine. Yafaa yakae kwenye kioo muda wa kutosha kusomwa bila kuharakisha. Kwa slaidi hali ni hiyohiyo: maelezo yanayokaa chini ya kila picha hubaki nayo mwenzake anapochukua slaidi moja tu, ilhali orodha ya slaidi ya mwisho huachwa nyuma.

Mpaka mmoja unapaswa kukumbukwa. Picha ya mgonjwa haihalalishwi na maelezo ya chanzo wala na leseni. Leseni hutolewa na mwenye hakimiliki, ambaye mara nyingi ni mpigapicha. Ridhaa hutolewa na mgonjwa, nayo iwe ya maandishi na itaje matumizi yaliyokusudiwa. Anayeridhia picha ya kidonda chake ionyeshwe darasani hajaridhia ibandikwe ukutani. Katika maelezo ya chanzo hutajwa mpigapicha, kamwe si mgonjwa, na jina lililo pembeni mwa picha ya eksirei hufutwa kabla ya picha kuwekwa kwenye slaidi.

Kosa likigunduliwa baada ya bango kuchapwa, halina budi kurekebishwa mapema. Katika leseni za Creative Commons toleo la 4.0, anayekiuka masharti hupoteza haki ya kuitumia kazi, lakini haki hiyo hurudi yenyewe akirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu alipoligundua. Kwa bango la karatasi, kibandiko chenye maelezo kamili ya chanzo huweza kutosha. Mbu asiye sahihi hasahihishwi kwa kibandiko. Bango lake hushushwa.