Shilingi Moja Iliyozuia Oda

Mteja alipiga simu saa tatu usiku. Alikuwa ameshalipa, ujumbe wa M-Pesa ulikuwa mkononi, na nambari ya risiti aliisoma herufi moja moja. Ila kwenye tovuti ya duka oda yake ilikuwa bado imeandikwa "inasubiri malipo". "Dada, au nilipe tena?" aliuliza. Muuzaji alipofungua taarifa ya malipo akakuta pesa imeingia, shilingi 1,248. Alipofungua oda akakuta mfumo unangoja 1,249.

Nilipoitwa kuangalia mfumo wa duka hilo la Nairobi, mwenye duka alikuwa ameshaamua kwamba tatizo ni mtandao. Mtandao ukisumbua, malipo huchelewa au hupotea. Hayapungui shilingi moja. Pesa ikifika ikiwa pungufu kidogo hivyo, tafuta pale hesabu inapokadiriwa, yaani pale senti zinapopandishwa au kushushwa ili kupata namba fupi.

Oda yenyewe ilikuwa na bidhaa tatu. Bei kabla ya kodi zilikuwa 479.89, 339.64 na 256.76, jumla 1,076.29, na VAT ya Kenya ni asilimia 16. Ukurasa wa tovuti ulipiga kodi mara moja juu ya jumla ukapata 172.2064, ukaiandika 172.21, na oda ikawa 1,248.50. Seva iliyotuma ombi la malipo ilipiga kodi bidhaa kwa bidhaa na kukadiria kila moja: 76.78, 54.34 na 41.08. Zijumlishe upate 172.20, na oda inakuwa 1,248.49. Njia zote mbili zina mantiki yake, na kila moja ina wahasibu wanaoitetea. Kosa lilikuwa kuzitumia zote mbili kwenye oda moja.

Senti moja peke yake isingemwamsha mtu. Lakini ombi la malipo la M-Pesa, lile linalomletea mteja kidirisha cha kuweka PIN kwenye simu, hupokea kiasi kisicho na senti. Kwa hiyo kila upande ukakadiria mara ya pili, sasa hadi shilingi nzima. Ukurasa ulipandisha 1,248.50 ikawa 1,249. Seva ilishusha 1,248.49 ikawa 1,248. Senti imekuwa shilingi, na msimbo unaolinganisha "kilicholipwa" na "kinachodaiwa" ukaona haviko sawa na kuiacha oda ining'inie.

Tulirekebisha kodi, tukafurahi, na wiki iliyofuata oda nyingine ikakwama vilevile. Safari hii pande zote mbili zilikuwa na 1,248.50 ileile. Tofauti ilikuwa kwenye lugha za programu. Ukurasa ulitumia JavaScript, ambamo `Math.round(1248.5)` inatoa 1249. Seva ilitumia Python:

```python
>>> round(1248.5)
1248
>>> round(1249.5)
1250
```

Hiyo si hitilafu. Python ikikutana na nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, ili katika hesabu nyingi kupanda na kushuka kusawazishane. Wataalamu wa takwimu wanaipenda kanuni hiyo. Mteja dukani haijui, na programu ya ukurasani haiifuati. Ndiyo maana kosa hili hujificha: linajitokeza kwenye baadhi tu ya oda zinazoishia na senti 50, na anayejaribu mfumo kwa kulipa shilingi 1 au 100 hatakaa alione.

Dawa tuliyoiweka ni ya kizamani. Kiasi cha kulipwa kinapigwa mahali pamoja tu, kwenye seva, na kukadiriwa mara moja, mwishoni. Namba inayopatikana inaandikwa kwenye oda kabla ombi halijatumwa, na ukurasa unaonyesha namba hiyo bila kupiga hesabu yake. Majibu ya malipo yakirudi, yanalinganishwa na namba iliyoandikwa, si na hesabu mpya. Kanuni ya kukadiria nayo inatajwa waziwazi:

```python
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP
Decimal("1248.50").quantize(
    Decimal("1"), rounding=ROUND_HALF_UP)
```

Hapo jibu ni 1249 kila mara. Zile alama za nukuu usiziondoe. Bila hizo, kompyuta huihifadhi kwanza namba kwa mfumo wa mbili, ambamo desimali nyingi haziandikiki kikamilifu. Jaribu `19.99 * 100` kwenye JavaScript utaona 1998.9999999999998. Ukikata desimali hapo badala ya kukadiria, unabaki na 1998, na senti imeshatoroka. Kwa sababu hiyohiyo, safu ya bei kwenye hifadhidata isiwe `FLOAT`. Iwe `DECIMAL`, au hifadhi senti kama namba nzima.

Ile tofauti ya senti 50 kati ya ankara na malipo tuliipa mstari wake kwenye ankara, "marekebisho ya kukadiria". Kuna aliyependekeza mfumo ukubali tu malipo yoyote yanayopishana na oda kwa shilingi moja. Nilikataa. Ukishazoea kufumbia macho shilingi, hutajua siku kosa jipya litakapoingia.

Duka likianza kuuza nje, kosa hubadilika sura. Malango mengi ya malipo ya kadi hupokea kiasi kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu, kwa hiyo shilingi 1,249 za Kenya hutumwa kama senti 124900. Mwandishi wa programu anazoea kuzidisha kwa 100, kisha anaisahau ile 100 humo ndani. Kwenye kiwango cha ISO 4217, faranga ya Rwanda haina desimali hata moja. Bidhaa ya faranga 15,000 ikizidishwa kwa 100, mteja wa Kigali anadaiwa faranga milioni moja na nusu, na bahati yake ni kadi kukataa. Rial ya Oman ina desimali tatu, kwa kuwa rial moja ni baisa 1,000. Bei ya rial 12.500 ikizidishwa kwa 100 inakuwa 1250, lango linasoma baisa 1,250, na duka linapokea rial 1.250. Huyu mteja wa Maskati hatapiga simu kulalamika. Idadi ya desimali iwe kwenye jedwali, kila sarafu na yake, na kila lango lisomewe maelekezo yake, kwani yapo yenye kanuni za pekee kwa sarafu fulani.

Kama una duka na unashuku jambo hili, chukua oda za wiki moja, weka kiasi cha oda na kiasi kilichopokelewa kando kwa kando, kisha utoe. Ukubwa wa tofauti unakuambia pa kutafuta. Senti moja au mbili, kwenye oda zenye bidhaa kadhaa, ni kodi inayopigwa kwa njia mbili. Pungufu isiyofika shilingi, na siku zote ni pungufu, ni mahali senti zinapokatwa. Shilingi nzima inayokuja na kupotea ni kanuni mbili za kukadiria nusu, au ile senti ya kodi iliyokuzwa na ukadiriaji wa pili. Mara kumi au mara mia ni desimali za sarafu.

Kwa yule mteja wa saa tatu usiku, jibu lilikuwa asilipe tena. Nambari ya risiti ilitosha kuitafuta pesa yake kwenye taarifa ya malipo, na muuzaji aliifungua oda kwa mkono usiku uleule. Wengine wawili wa wiki hiyo walikuwa wameshalipa mara mbili kabla hawajapiga simu, na kuwarudishia kulichukua muda mrefu kuliko kuandika ile mistari mitatu ya msimbo.